SOMO: Faili imekataa kufutika kwa sababu programu nyingine imeishika

Somo hili ni la wanaohudumu kaunta za saiba na ofisi ndogo hapa Nairobi, ambako kompyuta moja ya Windows hupita mikononi mwa watu ishirini kwa siku. Mteja amechapisha barua yake, amelipa, ameondoka. Unataka kuifuta kwenye Desktop isije ikasomwa na anayefuata, lakini linatokea dirisha la `File In Use` likikwambia faili imefunguliwa katika Microsoft Word. Unatazama chini ya skrini, Word haipo.

Kwa nini inakataa

Programu inapofungua faili, Windows huipa programu hiyo kishikio, yaani namba inayotumia kuifikia faili, na papo hapo programu hutaja ruhusa tatu: je, wengine waweze kuisoma? Kuiandika? Kuifuta? Word ikiwa inaihariri hati hairuhusu ifutwe, kwa kuwa bado inaitegemea. Ombi lako la kufuta likifika, Windows hukagua vishikio vyote vilivyo wazi. Kimoja tu kikikataza, unarudishiwa kosa namba 32. Kwa hiyo faili haina ubovu wowote, na kubonyeza `Try Again` mara kumi hakusaidii mpaka kishikio kiachiliwe.

Ndiyo maana kishikio hicho ndicho cha kutafutwa. Usianze na kuzima kompyuta. Kuwasha upya kutaiachilia faili, ni kweli, lakini kutafunga pia kazi za mteja aliyeketi hapo, na hutajua nani aliishika, kwa hiyo kesho utarudia.

Hatua ya 1: Tafuta dirisha lililojificha

Bonyeza `Alt+Tab` uone madirisha yote. Mara nyingi Word haijafungwa: imekwama ikiuliza kama mabadiliko yahifadhiwe, na swali hilo limefunikwa na dirisha la kivinjari. Lijibu, subiri sekunde chache, kisha jaribu kufuta.

Hatua ya 2: Zima kidirisha cha hakikisho

Ukiwa ndani ya folda, bonyeza `Alt+P`. Kama upande wa kulia kulikuwa na picha ya hati, basi folda yenyewe ndiyo iliyokuwa imeifungua ili ikuonyeshe. Kidirisha kikifungwa, bofya faili nyingine kwanza, kisha rudi uifute ile.

Hatua ya 3: Mtaje mshikaji kwa jina

Bonyeza `Win+R`, andika `resmon`, bonyeza Enter. Ingia kichupo cha `CPU`, fungua sehemu ya `Associated Handles`, na kwenye kisanduku cha kutafutia andika kipande cha jina la faili. Kipande kinatosha, na ni salama kuliko jina zima lenye nafasi. Tuseme faili ni `Barua_ya_kazi.docx`. Ukiandika `Barua_ya` utapata mstari kama huu:

```
WINWORD.EXE   7412   File   C:\Users\Kaunta2\Desktop\Barua_ya_kazi.docx
```

Sasa unajua: ni Word, mchakato namba 7412. Kama jina ni `prevhost.exe`, hilo ni hakikisho la hatua ya 2, na unaweza kulizima bila hofu.

Hatua ya 4: Achilia

Hapa ndipo watu huharibu kazi za wenzao. Kwa kawaida mchakato mmoja wa `WINWORD.EXE` hubeba hati zote za Word zilizo wazi kwa mtumiaji huyo. Ukiuua kwa ajili ya barua moja, unaua pia tasnifu ya kurasa sitini iliyo wazi kando yake. Kwa hiyo andika namba 7412 kwenye karatasi, futa ulichoandika kwenye kile kisanduku na uandike `.docx`, uone hati gani nyingine ziko chini ya namba hiyo hiyo. Zikiwepo, zihifadhi na kuzifunga kwanza.

Ikibaki hiyo moja, fungua Command Prompt uombe kwa adabu:

```
taskkill /PID 7412
```

Amri hii huiomba programu ijifunge yenyewe. Word iliyobaki bila dirisha huenda isisikie, na hapo ndipo unapoongeza nguvu:

```
taskkill /PID 7412 /F
```

Kwa `/F` hakuna swali la kuhifadhi. Mchakato unakatwa, Windows inafunga vishikio vyake vyote, na faili inafutika. Tumia `Shift+Delete`, maana barua ya mteja ikienda Recycle Bin bado iko dukani.

Ziko zana za kufunga kishikio kimoja huku programu ikiendelea kutembea. Sizipendekezi kwa kaunta. Programu haijui kwamba imenyang'anywa, na ikiandika tena kupitia namba ya kishikio kile, huenda namba hiyo tayari imepewa faili nyingine.

MASWALI YA WANACHAMA

Kutoka Kasarani: Mkuu, naona faili nyingine imejificha, `~$rua_ya_kazi.docx`. Nikiifuta hiyo si kufuli limetoka?

Jibu: Hapana. Hiyo ni kijikaratasi tu ambacho Word huweka kando ya hati, kikiwa na jina la aliyeifungua, ili wengine waambiwe ni nani. Kinachozuia kufuta ni kishikio. Word ikizima ghafla, kijikaratasi hubaki hata kama hakuna aliyeishika hati. Hapo kifute tu, mradi umehakikisha kwa `resmon` kwamba hakuna mtu.

Kutoka Ngara: Nilidhani ni printa ndiyo inashika, kwa sababu kazi ilikuwa bado kwenye foleni.

Jibu: Printa haiigusi hati yako. Word ikimaliza kutuma, foleni hutunza nakala yake yenyewe ndani ya `C:\Windows\System32\spool\PRINTERS`. Hilo lina upande wa pili: ukifuta hati huku kazi imekwama kwenye foleni, barua ya mteja bado iko pale na itatoka printa ikiamka. Ondoa kazi kwenye foleni. Ikigoma, fungua Command Prompt kama msimamizi:

```
net stop spooler
del /Q C:\Windows\System32\spool\PRINTERS\*
net start spooler
```

Mstari wa kati husafisha foleni nzima, za wateja wote, kwa hiyo uliza kwanza kama kuna anayesubiri karatasi.

Kutoka Industrial Area: Kwangu mshikaji ni `System`, namba 4. Niuue?

Jibu: Usiguse hiyo, ndugu, ni Windows yenyewe. Kwa folda iliyoshirikiwa, kwa kawaida maana yake ni kwamba mtu ameifungua faili kutoka kompyuta nyingine. Kwenye kompyuta yenye folda, bonyeza `Win+R`, andika `fsmgmt.msc`, ingia `Open Files`. Utaona faili na jina la mtumiaji aliyeifungua. Mpigie aifunge. Kama ameshaenda nyumbani, bofya kulia kwenye mstari uchague `Close Open File`, ukijua kwamba ambacho hakukihifadhi kinaweza kupotea.

Kutoka Rongai: Mimi natumia Linux, na nafuta faili hata ikiwa wazi. Mbona diski bado inasema imejaa?

Jibu: Linux hufuta jina tu. Data hubaki kwenye diski hadi mchakato wa mwisho ulioifungua uiache. Ione michakato hiyo hivi:

```
sudo lsof +L1
```

Safu ya `SIZE/OFF` itakuonyesha ipi nzito. Mara nyingi ni faili ya kumbukumbu ya huduma fulani. Iwashe upya huduma hiyo, kisha tazama `df -h`.