Jinsi ya kuandaa ripoti ya wiki ya makosa ya ukusanyaji wa oda na marejesho ya wateja

Mwongozo huu ni kwa karani wa ghala ambaye kila Jumatatu anatakiwa kumpelekea msimamizi wa lojistiki ripoti inayoonyesha makosa yaliyofanyika wakati wa kukusanya oda kwenye rafu, pamoja na bidhaa zilizorudishwa na wateja na sababu za kurudishwa. Mfano nitakaoutumia ni wa ghala la jumla jijini Dar es Salaam linalosambaza sabuni, mafuta ya kupikia na juisi kwa maduka ya Kariakoo, Mbagala na Tegeta. Kufungua jedwali na kujaza jina la ghala hakuhitaji maelezo. Kinachorudisha ripoti mezani kwako ikiwa na alama ya kuuliza ya kalamu nyekundu ni sababu za marejesho na tarehe zake, na huko ndiko nitakakokaa.

Anza kwa kukubaliana na msimamizi juu ya kipimo. Hesabu kwa mistari ya oda, si kwa oda nzima, kwa sababu oda ya duka dogo inaweza kuwa na mistari mitatu na ya duka kubwa mistari arobaini, na kosa moja katika kila oda halina uzito ule ule. Idadi ya mistari yote iliyokusanywa ndani ya wiki ndiyo utakayogawia, kwa hiyo itoe kwenye mfumo mapema. Ukiisubiri hadi asubuhi ya Jumatatu utakuta idara zote zimeukumbuka mfumo huo huo kwa wakati mmoja, na skrini itabaki imeganda mpaka chai iishe.

Hatua inayofuata ndiyo inayokula muda: kuthibitisha sababu. Sababu unayoletewa imeandikwa na dereva kwenye hati ya kukabidhi mzigo, akiwa amesimama juani huku mwenye duka akimfokea na nyuma yake gari jingine likipiga honi. Katika hali hiyo atatia alama kwenye kisanduku cha kwanza, na kwenye hati nyingi kisanduku cha kwanza ni «bidhaa si sahihi». Usinakili alama hiyo. Nenda sehemu ya kupokelea marejesho, fungua katoni, kisha linganisha vitu vitatu: oda ya mteja, karatasi ya ukusanyaji na bidhaa iliyo mbele yako. Bidhaa ikilingana na oda, mkusanyaji hana kosa. Kama haikuharibika, huenda mteja amekataa mzigo kwa kukosa pesa au kwa kubadili mawazo. Oda yenyewe ikiwa imeingizwa vibaya au mara mbili, kosa ni la mauzo. Oda na karatasi zikikubaliana lakini bidhaa ikawa nyingine, hapo kuna kosa la ghala, ila kabla hujaliandika kwa mkusanyaji, angalia kama mteja mwingine wa gari lile lile analalamika kukosa bidhaa hiyo hiyo. Makosa ya upakiaji huja kwa jozi: mzigo wa huyu umeshushwa kwa yule, na wa yule kwa huyu.

Kuna kosa moja ambalo sehemu ya marejesho haitaliona kamwe, nalo ni upungufu. Mteja aliyeagiza katoni kumi akapata tisa hana cha kurudisha. Anaandika tu kwenye hati, anatia sahihi, na madai yake yanaishia kwa mhasibu, ambaye humpunguzia deni na kuifungia karatasi kwenye faili lake. Kwa hiyo omba kwa mhasibu orodha ya madai ya upungufu ya wiki nzima. Omba mapema na kwa maandishi, kwani ombi la mdomo kwa mhasibu lina kawaida ya kusahaulika hadi mwisho wa mwezi. Ziada nayo haitajwi na mteja yeyote. Utaigundua wakati wa kuhesabu rafu, ukikuta bidhaa moja imepungua katoni moja bila jirani yake kuzidi; jirani akiwa amezidi katoni moja, bidhaa moja imetolewa badala ya nyingine.

Baada ya sababu zinakuja tarehe. Bidhaa iliyorudi wiki hii huenda ilikusanywa wiki iliyopita, na ukiihesabu kwa tarehe ya kurudi utakuwa unagawa makosa ya wiki moja kwa mistari ya wiki nyingine. Weka safu mbili, tarehe ya kukusanywa na tarehe ya kurudi, na kiwango cha makosa kitoke kwenye ile ya kwanza. Ikiwa tarehe ya kukusanywa iko safu C, msimbo wa sababu, kwa mfano E1 kwa kosa la ukusanyaji, uko safu F, Jumatatu ya wiki iko B1 na Jumamosi iko B2, fomula ni hii:

```
=COUNTIFS(Marejesho!F:F,"E1",Marejesho!C:C,">="&B1,Marejesho!C:C,"<"&B2+1)
```

Hiyo `"<"&B2+1` isibadilishwe kuwa `"<="&B2`. Mfumo ukitoa tarehe pamoja na saa, kila kilichokusanywa Jumamosi baada ya saa sita usiku kitaachwa nje bila onyo lolote, yaani karibu Jumamosi yote. Angalia pia tarehe zilizojipanga upande wa kushoto wa seli bila wewe kuzipanga hivyo: mara nyingi hizo zimeingia kama maandishi, na fomula haizihesabu.

Tuchukue wiki yenye mistari 4,200. Wakaguzi wamekamata makosa 21 kabla ya kupakia, na mistari 34 imerudi kutoka kwa wateja, ambapo madereva wameandika «bidhaa si sahihi» kwenye 19. Katoni zilipofunguliwa, bidhaa tofauti na oda zilikuwa 9, zilizoharibika 6, mizigo iliyokataliwa na wateja 12, na makosa ya mauzo 7. Mhasibu ameleta madai 5 ya upungufu, nayo yamethibitishwa kuwa ya ukusanyaji. Makosa ya ukusanyaji yaliyomfikia mteja ni basi 14, lakini 3 kati yake ni ya wiki iliyotangulia, hivyo yanabaki 11. Ripoti itaonyesha makosa 21 yaliyokamatwa ndani, ambayo ni asilimia 0.50 ya mistari, na 11 yaliyotoka nje, asilimia 0.26. Yaandikwe kwa mistari miwili tofauti, kwa kuwa la kwanza linapima wakusanyaji waliokaguliwa na la pili linapima pia ukaguzi wenyewe. Aliyejumlisha 34 na 21 moja kwa moja angeripoti asilimia 1.31, akawabebesha wakusanyaji mizigo ya wauzaji na wateja, na bado angeacha upungufu wote nje.

Chini ya jedwali andika bidhaa zinazojirudia na mahali zilipo, kabla ya majina ya watu. Ikiwa makosa 6 kati ya yale 11 ni juisi ya embe iliyotolewa badala ya pasheni, katoni zinafanana rangi na ziko rafu moja, pendekeza zitenganishwe. Ukilazimika kutaja wakusanyaji, gawa makosa ya kila mmoja kwa mistari aliyokusanya mwenyewe, la sivyo mchapakazi wa ghala ndiye atakayeonekana mkosaji mkuu.

Kisha funga wiki. Marejesho yanayochelewa yasiingizwe kimyakimya kwenye ripoti iliyokwisha kutumwa. Yale 3 ya mfano wetu yataingia kwenye mstari wa marekebisho wa ripoti mpya, ukionyesha kiwango cha wiki iliyotangulia kilivyokuwa na kilivyo sasa. Nakala moja mpelekee mhasibu, ili atakapobishana na msimamizi kuhusu idadi ya upungufu wawe wanasoma karatasi moja.