Kuandika tangazo la raiskuka: anza na maji, boksi liache kwanza

Mteja wa Morogoro aliniuliza WhatsApp: "Dada, hiyo ya lita 1.8 inapika kilo ngapi?" Nikamjibu kwa kukisia: kilo moja na nusu. Alikuwa na watu wanane mezani siku raiskuka ilipomfikia kwa basi. Povu la wali lilifurika, likapita chini ya mfuniko na kuingia kwenye swichi. Alinirudishia, na nauli ya kwenda na kurudi nililipa mimi. Tangu siku hiyo siweki tangazo la raiskuka mtandaoni kabla sijaipima kwa mikono yangu. Hivi ndivyo ninavyofanya, nikitumia mfano wa ile ya kawaida yenye sufuria moja na swichi ya kubonyeza.

Hatua ya 1: Ujazo

"Lita 1.8" ina maana mbili, na boksi halikwambii ni ipi. Viwanda vingi huhesabu mchele mkavu: lita 1.8 ni vikombe 10 vya kile kikombe cha plastiki kinachokuja ndani ya boksi. Kikombe hicho ni mililita 180, si kikombe cha chai cha nyumbani. Viwanda vingine huhesabu sufuria nzima mpaka ukingoni. Tofauti yake ni kubwa mno, maana mchele ukiiva huvimba karibu mara tatu.

Chukua chupa ya maji ya lita moja, mimina kwenye sufuria ya ndani mpaka ukingoni huku ukihesabu. Ikimeza zaidi ya lita nne, basi ile 1.8 ni ya mchele mkavu. Ikijaa kabla hujamaliza chupa ya pili, 1.8 ni sufuria nzima, na mchele utakaoingia ni vikombe vitatu tu, chini kidogo ya nusu kilo. Zote mbili zinaweza kukaa rafu moja dukani zikiwa na namba ileile.

Mteja wetu hanunui mchele kwa lita, kwa hiyo mgeuzie namba ziwe kilo. Kikombe kimoja cha mililita 180 kina takriban gramu 150, hivyo vikombe 10 ni kilo moja na nusu. Mimi siandiki kilo moja na nusu. Naandika kilo moja na robo, kwa sababu sufuria ikijazwa mpaka mstari wa mwisho ndipo povu linapotoka nje, hasa kwa mchele usiooshwa vizuri. Pilau la nyama na viazi nalishusha mpaka kilo moja.

Hatua ya 2: Wati

Pindua raiskuka, usome stika ya chini. Hapo ndipo pa kunakili. Picha ya boksi haitoshi. Za lita 1.8 nyingi huwa na wati 700, za lita 2.8 huwa na wati 1000. Soma na volti pia: kwetu tunataka 220–240V. Ukipata ya mtumba kutoka Japani ni ya 100V, na ikichomekwa moja kwa moja ukutani itaungua. Hiyo iandike kwenye mstari wa kwanza kabisa wa tangazo au usiiuze.

Namba ikikutia shaka, mita ya LUKU itakuambia ukweli. Zima kila kitu nyumbani, friji pia. Weka maji kwenye raiskuka, bonyeza swichi ya kupika, kisha uhesabu kitaa chekundu cha mita kinavyowaka na kuzima kwa dakika tano. Mita iliyoandikwa `1000 imp/kWh` huwaka mara 1000 kwa kila yuniti moja, kwa hiyo zidisha hesabu yako kwa 12 upate wati. Ya mwisho niliyopima iliwaka mara 56, na 56 × 12 ni wati 672. Stika ilisema 700. Umeme wa mtaani hupanda na kushuka, tofauti hiyo ni ya kawaida. Ningepata 400 nisingeiuza kama ya 700.

Ukiuza na blenda, kwa wati zake kuna njia ya mkato. Plagi yetu ya miguu mitatu ina fyuzi isiyozidi ampea 13. Ampea 13 kwa volti 230 ni wati 2990. Kwa hiyo blenda yenye plagi hiyo inayojitangaza wati 4500 haiwezi kuwa inasema kweli, na mimi namba hiyo siinakili.

Mweleze mteja wati zinamhusu vipi. Wati 700 kwa nusu saa ni yuniti 0.35, yaani zaidi kidogo ya theluthi moja ya yuniti. Na mwenye sola yenye inveta ya wati 500 atajua mapema kwamba hii haimfai.

Hatua ya 3: Vilivyomo

Toa kila kitu, panga kwenye kitambaa cheupe, piga picha moja. Kisha andika vitu vilevile vinavyoonekana pichani, kwa idadi. Kama trei ya kuchemshia kwa mvuke haimo, sema haimo, kwa sababu mara nyingi boksi limeichora.

Hatua ya 4: Waranti

"Waranti mwaka 1" peke yake huleta ugomvi. Taja anayeitoa (duka au kiwanda), inaanza lini, inahusu nini, na nani analipa usafiri. Mimi natoa miezi sita ya duka kwa hita na swichi. Sufuria kuchubuka haimo, wala kifaa kilichoingia maji.

Hatua ya 5: Matunzo

Andika machache, na utoe sababu. Katikati ya sahani ya moto kuna kitufe chenye springi na sumaku kinachogusa kitako cha sufuria. Maji yakiisha, joto hupita lile la maji yanayochemka, sumaku inaachia na swichi inaruka yenyewe. Punje moja ya wali ikikwama hapo, sufuria haikai sawa: wali unaungua upande mmoja na upande wa pili haujaiva. Mteja atakuambia kifaa ni kibovu. Mwambie afute hapo na akaushe kitako cha sufuria kabla ya kuirudisha. Mchele aoshee kwenye bakuli, maana ukisuguliwa ndani ya sufuria unakwangua tefloni.

Tangazo lenyewe sasa linasomeka hivi:

*Rice cooker lita 1.8, mpya. Inapika mchele mpaka kilo 1 na robo. Pilau la nyama, kilo 1. Wati 700, 220–240V, plagi ya miguu mitatu. Ndani ya boksi: raiskuka 1, sufuria ya tefloni 1, mfuniko wa kioo 1, waya 1, kikombe cha mililita 180, mwiko wa plastiki 1. Trei ya mvuke haimo. Waranti ya duka miezi 6 tangu tarehe ya risiti, kwa hita na swichi. Kuleta dukani ni juu ya mteja, kurudisha ni juu yetu. Futa sahani ya moto kila ukimaliza, kausha kitako cha sufuria, usioshe mwili wa nje kwa maji, tumia mwiko wa plastiki au mbao.*

Mstari wa kwanza nimeacha "rice cooker" kwa makusudi, kwa kuwa ndivyo wateja wanavyoandika wakitafuta. Na kila mzigo mpya ukiingia narudia chupa ya maji, hata kama boksi ni lilelile la mwezi uliopita.