SOMO: Kuandika maelezo ya ripoti kabla hujamkabidhi mwenzako

Swali la uandike nini ili anayekurithi kazi aweze kutengeneza ripoti zako nimelijibu inbox mpaka nimechoka, kwa hiyo naliweka hapa. Nimetengeneza ripoti kwenye kiwanda cha minofu ya sangara hapa Mwanza, hivyo mfano wangu ni wa samaki.

1. Orodhesha ripoti zako zote, nani huzipokea na lini.

2. Andika data inatoka faili gani, shiti gani, na nani huijaza.

3. Andika maana ya kila namba. Hapa ndipo nilipoharibu. Kwenye "Asilimia ya minofu" niliandika tu: minofu gawanya kwa samaki waliopokelewa. Siku moja getini zilipimwa kilo 5,000, zikakataliwa 180, minofu ikatoka kilo 1,928. Mimi siku zote nilikuwa nagawanya kwa 4,820 zilizoingia kukatwa, yaani asilimia 40. Aliyenirithi akagawanya kwa 5,000, akapata 38.6. Samaki ni wale wale, lakini wakataji walisemwa wiki nzima kwamba wanaharibu nyama. Bado inaniuma. Andika kilo zimesomwa mizani ipi, barafu imetolewa au la, waliokataliwa wamo au hawamo, kisha weka mfano wenye namba kama huu.

Na "siku" nayo ina maana yake. Kwetu ilianza saa 12 asubuhi, kwa hiyo boti iliyoshusha saa 8 usiku wa kuamkia tarehe 1 ilihesabiwa mwezi uliopita. Kwenye Excel, A2 ikiwa na tarehe na saa ya kushusha, tulitoa saa sita:

```
=INT(A2-TIME(6,0,0))
```

Usipoandika sababu pembeni, mrithi ataona ni kosa na kuifuta, na jumla ya mwezi itapishana na ya uhasibu.

4. Mwenye ripoti: andika cheo. Tenganisha anayejaza, anayeitunza, na mwenye kauli ya kubadilisha maana.

5. Mrithi aitengeneze ripoti ya mwezi uliopita kwa maandishi yako tu, wewe umekaa kimya. Akikwama, hapo hujaandika.

MASWALI

Mdau wa Nyegezi: Mkuu, tupia fomu tupu tujaze.
Jibu: Hatua ya 3 ndiyo fomu. Rudi uisome.

Mdau wa Kirumba: Cheo hakipokei simu. Si bora jina?
Jibu: Mtu akihama, jina linabaki kwenye faili miaka. Weka cheo na simu ya ofisi.

Dada wa Ukerewe: Sisi tunapima kisiwani, kiwandani wanapima tena na kilo zinapungua. Niandike ipi?
Jibu: Zote mbili, dada, kila moja na safu yake: "Kilo kisiwani" na "Kilo getini". Safu ya tatu iwe ya tofauti kati ya hizo mbili. Ikiwa karibu sawa kila safari, huenda ni maji ya barafu. Ikiruka ghafla, anza na mizani, uangalie stika ya Wakala wa Vipimo ni ya lini.

Dada wa Ukerewe: Na tukibadilisha namna ya kupima?
Jibu: Maana ya zamani usiifute. Iandikie tarehe ilipokoma, mpya ianze chini yake, la sivyo ripoti za nyuma hazitasomeka.

Mdau wa Igoma: Nyongeza: chapisheni nakala moja ikae kwenye faili la ofisi. Kwetu laptop iliibiwa na maelezo yote yalikuwa humo.
Jibu: Hiyo naiongeza kwenye hatua ya 5. Asante.