Namna ya kuandika tathmini ya hitilafu isiyomlaumu mtu

Tuchukue mfano wa sasisho lililokusudiwa kuongeza safuwima moja kwenye jedwali la oda katika hifadhidata ya PostgreSQL, nalo likawakosesha wateja huduma kwa saa tatu.

Hatua ya 1: Panga matukio kwa saa na dakika. Anza na kumbukumbu za mfumo na ujumbe wa kikundi cha zamu kabla ya kumhoji yeyote, kwa sababu mtu akishajua mwisho wa kisa hukumbuka mwanzo wake kwa namna tofauti. Yaliyoonekana wakati ule yaandike mbali na yaliyogunduliwa baadaye:

- 8:05 mchana: sasisho laanza, kurasa za oda zaacha kufunguka.
- 8:20: mhandisi wa zamu arudisha toleo la awali, hali haibadiliki.
- 8:30 hadi 10:50: timu yachunguza mtandao.
- 11:05 jioni: amri iliyokwama yasitishwa, huduma yarejea.

Hatua ya 2: Wahoji wahusika. Usiulize "Kwa nini hukuangalia hifadhidata?" Uliza "Skrini ilikuonyesha nini, nawe ukadhani nini kinaendelea?" Katika mfano huu, mhandisi atajibu kwamba kichakato cha seva ya hifadhidata kilikuwa kimetulia kabisa, na jibu hilo ndilo kiini cha tathmini nzima.

Hatua ya 3: Eleza chanzo, kisha eleza kwa nini kilichelewa kuonekana. Amri ya `ALTER TABLE` inayoongeza safuwima huhitaji kufuli linalozuia hata usomaji. Muamala wa ripoti ulioachwa wazi ulikuwa bado umelishika jedwali, hivyo amri ikasubiri, na kila ombi lililofuata likapanga foleni nyuma yake. Maombi yanayosubiri hayatumii kichakato, ndiyo maana vipimo vilionyesha utulivu. Kurudisha toleo la awali la programu hakukusaidia, kwa kuwa amri yenyewe ilibaki kwenye foleni.

Hapa tumia vyeo badala ya majina, lakini usijifiche nyuma ya "kosa lilifanyika". Andika kwamba mhandisi wa zamu alichunguza mtandao kwa sababu vipimo alivyokuwa navyo vilimwelekeza huko. Sentensi hiyo inatuonyesha kipimo kilichokosekana, yaani idadi ya maombi yanayosubiri kufuli.

Hatua ya 4: Andika marekebisho yanayoweza kukaguliwa. "Tuwe waangalifu zaidi" si rekebisho. Hili ni rekebisho:

```sql
SET lock_timeout = '5s';
ALTER TABLE oda ADD COLUMN maelezo text;
```

Amri ikikosa kufuli ndani ya sekunde 5 itajiondoa, na foleni iliyo nyuma yake itaendelea. Taja pia mpaka wake: sasisho litashindwa na litahitaji kurudiwa, na muamala ulioachwa wazi bado utakuwepo.

Kila rekebisho lipe mwenye kulisimamia, tarehe na jaribio. Kwa hili, fungua muamala unaosoma jedwali hilo kwenye mazingira ya majaribio, uuache wazi, endesha sasisho, kisha ambatisha matokeo kabla ya kuifunga tathmini.