Unahama? Funga akaunti ya stima na maji kabla ya kurudisha funguo

Wengi wetu hapa Mombasa tukishamkabidhi mwenye nyumba funguo tunahesabu tumemalizana naye. Kwa kodi, sawa. Kwa stima na maji ya mfereji, bado. Akaunti hufuata jina na kitambulisho cha aliyeifungua, haifuati nyumba. Mpaka mwenyewe aandike kwamba anajitoa, na barua yake ipokewe, kila yuniti inayopita kwenye ile mita inaandikwa kwake, hata kama yeye ameshahamia Voi na anayewasha feni ni mtu asiyemjua kwa sura wala kwa jina.

Somo hili ni la wenye akaunti kwa majina yao: stima ya bili ya kila mwezi kutoka Kenya Power, na maji ya MOWASSCO. Wa tokeni habari yao ni fupi, iko kwenye maswali huko chini.

Kwanza, tazama jina lililo kwenye bili

Chukua bili ya karibuni usome jina la juu. Likiwa la mwenye nyumba, huna cha kufunga. Kazi yako ni kusoma mita mkiwa pamoja na kutiliana sahihi. Likiwa lako, endelea na hatua zinazofuata.

Kuna hali ya tatu, nayo ndiyo inayoleta kesi nyingi: jina ni la mpangaji aliyekutangulia. Hii hutokana na mtindo wa kuuziana dipoziti. Anayehama anamwambia anayeingia, "Nirudishie ile dipoziti yangu ya stima, wewe endelea na akaunti." Pesa zinapita mkononi, hakuna anayepanga foleni, kila mtu anaona amefaidika. Lakini aliyeondoka ameacha kitambulisho chake kwenye mita ya mtu mwingine, na yule aliyebaki akikimbia na bili, deni linabaki kwa jina lile lile. Mimi ningeuacha mtindo huo kabisa, hata kwa ndugu.

Pili, peleka barua wiki mbili kabla

Barua fupi inatosha: jina lako, nambari ya kitambulisho, nambari ya akaunti, nambari ya mita, mtaa na jina la jengo, tarehe ya kuondoka, na maombi matatu. Mita isomwe tarehe hiyo, utolewe bili ya mwisho, na dipoziti irudishwe baada ya kukata deni lolote. Weka akaunti yako ya benki hapo hapo, na ambatisha nakala ya kitambulisho na risiti ya dipoziti kama ungali nayo.

Toa nakala mbili. Moja inabaki kaunta, ya pili inapigwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe na kurudi nawe. Muhuri huo ndio utakaokutetea baadaye. Picha ya mita inaonyesha namba, lakini haionyeshi kwamba ulimwarifu mtu yeyote.

Hapo kaunta amua pia unaomba nini, maana kufunga akaunti si sawa na kumpisha mtu mwingine. Ukifunga, huduma hukatwa. Ikiwa mpangaji mpya amepatikana tayari, njia nyepesi ni kwenda naye siku moja: wewe unajitoa, yeye anafungua yake kwa kitambulisho chake, pini ya KRA, mkataba wake wa kupanga na dipoziti yake mwenyewe. Mita ni ile ile, namba mliyoisoma inakuwa mwisho wako na mwanzo wake.

Tatu, soma mita siku ya kutoka, nyumba ikiwa tupu

Kwa stima, zima swichi kuu kwanza, kisha andika namba nzima na upige picha ambayo nambari ya mita yenyewe inaonekana. Picha ya tarakimu peke yake yaweza kuwa ya mita yoyote mjini.

Kwa maji, namba nyeusi ndizo yuniti, na yuniti moja ni lita 1,000, sawasawa na mitungi 50 ya lita 20. Namba nyekundu ni vipande vya yuniti, huziandiki kwenye hesabu ya bili. Kabla ya kusoma, funga koki iliyo karibu na mita. Hii si adabu tu. Maji yetu huja kwa zamu, na yanaporudi, upepo uliojaa kwenye bomba hutangulia na kuizungusha mita kabla hata tone halijafika. Nyumba tupu yenye mfereji ulioachwa wazi inaweza kuandika yuniti bila mtu kunawa mkono. Ukishafunga koki, tazama kile kigurudumu kidogo kilicho katikati ya mita: kikiendelea kuzunguka, koki haishiki, mwite fundi kabla hujaondoka.

Namba zote mbili ziandike kwenye karatasi moja pamoja na tarehe, mwenye nyumba au msimamizi wa jengo atie sahihi.

Nne, piga hesabu yako kabla ya kuletewa yao

Tuchukue mpangaji wa Tudor anayehama tarehe 31 Agosti. Bili yake ya mwisho ya stima ilisomwa tarehe 14 Agosti, mita ikiwa 24,310. Siku ya kuhama mita inasema 24,402. Tofauti ni yuniti 92.

Bei ya yuniti haisimami mahali pamoja, kwa sababu ndani yake mna gharama ya mafuta na tozo nyingine zinazobadilika kila mwezi. Kwa hiyo anachukua bili iliyopita: yuniti 150 kwa shilingi 4,350, yaani wastani wa shilingi 29 kwa yuniti. Mara 92, anapata shilingi 2,668. Anazilipa kwa M-Pesa kwenye nambari 888888 ya Kenya Power, akiweka nambari ya akaunti yake, na kuuhifadhi ujumbe wa malipo.

Katikati ya Septemba inakuja bili kwa jina lake, mita ikiwa 24,511. Kutoka 24,310 hizo ni yuniti 201, karibu shilingi 5,829. Asiye na karatasi hapo atatetemeka. Yeye anajua yuniti 109 za mwisho, kama shilingi 3,161, ni za aliyeingia baada yake. Anarudi kaunta na barua yenye muhuri, karatasi ya mita yenye sahihi na picha, anaomba bili isahihishwe iishie 24,402.

Jambo moja la kuangaliwa mapema: kama bili zako zilizopita ziliandikwa kwa makadirio, usilinganishe na namba ya makadirio ukadhani ni ya kweli. Mita ikiwa nyuma ya namba ya bili, umelipa zaidi na unadai. Ikiwa mbele mno, bili ya mwisho itakusanya miezi yote iliyopunjwa, na hilo ni deni lako halali. Ndiyo maana ni vizuri kutuma usomaji wako mwenyewe kupitia *977# mwezi mmoja au miwili kabla ya kuhama, ili mshtuko uje ungali na nafasi.

Tano, usiondoke bila taarifa ya akaunti yenye sufuri

Bili ya mwisho ikishalipwa, omba taarifa ya akaunti inayoonyesha salio sufuri na kwamba imefungwa. Mpe mwenye nyumba nakala, kwa sababu wengine huzuia dipoziti ya nyumba wakingoja hiyo. Kwa maji usiridhike na kusema "sitatumia tena": akaunti iliyoachwa wazi huendelea kutozwa ada ya mita kila mwezi hata koki ikiwa imefungwa.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Likoni:* Assalamu alaikum. Jengo letu lina mita kuu moja ya mwenye nyumba, sisi tuna mita ndogo mlangoni. Nami nahitaji barua?

Waalaikum salaam dada. Huna akaunti na kampuni, kwa hivyo hakuna wa kumwandikia huko. Deni lako ni baina yako na mwenye nyumba. Someni mita ndogo pamoja, muulize bei yake ya yuniti, lipa, akuandikie "amemaliza" na tarehe. Kataa ile hesabu ya kugawa bili ya mita kuu kwa vichwa wakati mita ndogo ipo na inafanya kazi.

*Mwanachama wa Bamburi:* Mwenye nyumba amenikataza kufunga stima. Anasema mita ikiondolewa atapata taabu kuirudisha.

Hofu yake ina msingi, kaka, lakini dawa yake si jina lako. Aiandikishe kwa jina lake siku unayotoka, au alete mpangaji mpya mwende pamoja. Mpe tarehe kwa maandishi. Asipotokea, peleka ombi la kujitoa. Mkataba na kampuni ni wako, ruhusa yake haihitajiki.

*Mwanachama wa Kongowea:* Natumia tokeni na mita ina yuniti 60. Naweza kuhama nazo?

Hapana. Tokeni yenye tarakimu 20 imetengenezwa kwa mita moja tu, haifunguki kwenye nyingine. Zitumie uzimalize, au kubaliana na anayeingia akulipe. Tena futa ile nambari ya mita kwenye simu yako. Wanaohama hulipa 888880 kwa mazoea, na tokeni wanayotumiwa inafaa kwa mita ya nyumba ya zamani tu.

*Mwanachama wa Mtopanga:* Mimi nimeshachelewa. Nilitoka miezi mitatu iliyopita bila barua, na bili za maji zinakuja kwa simu yangu. Nifanye nini?

Peleka barua leo, isichelewe hata kesho, maana kila siku inaongeza. Kisha tafuta ushahidi wa tarehe uliyotoka: notisi uliyompa mwenye nyumba, ujumbe wa kurudishiwa dipoziti ya nyumba, na barua yake inayosema mpangaji mpya aliingia lini. Omba mita isomwe sasa.

Kama hamkusoma mlipotoka, kuna hesabu ya kukadiria. Tuseme bili ya mwisho kusomwa ukiwa ndani ilikuwa 318 na ulikaa siku 15 baada yake. Kama kawaida yako ilikuwa yuniti 10 kwa mwezi, sehemu yako ni yuniti 5, yaani mpaka 323. Iliyozidi hapo mwombe mwenye nyumba amdai aliyemo ndani. Lakini jiandae: bila barua ya wakati ule, kampuni ina haki ya kukudai wewe zote, na makubaliano yako na mwenye nyumba hayaifungi. Ukipeleka lalamiko kwa kampuni kwa maandishi na usiridhike na jibu, la maji linakwenda WASREB, wasimamizi wa huduma za maji nchini, la stima EPRA, wasimamizi wa kawi.

*Mwanachama wa Likoni tena:* Na mwenye nyumba akikataa kutia sahihi ile karatasi ya mita?

Mtumie picha na namba kwa WhatsApp siku hiyo hiyo, uandike tarehe na maneno "nimesoma nikitoka". Akijibu chochote, hata "sawa", umepata sahihi yako.