Picha Moja ya Mvua: Ninavyoandika Chapisho la Kuonyesha Kazi ya Harusi

Katika picha hii mashangazi watatu wameshika leso moja juu ya kichwa cha bibi harusi, naye anashuka garini akicheka. Nyuma yao mvua inang'aa kama nyuzi. Niliipiga Lang'ata, Jumamosi moja ya Aprili, saa kumi na mbili kasoro dakika kumi jioni. Hakuna picha iliyowahi kuniletea kazi kama hii, ingawa miezi miwili ya kwanza haikuniletea hata simu moja. Picha haikubadilika. Nilibadilisha maneno ya chini yake, hivi.

Hatua ya 1: Chagua picha moja. Ukiweka ishirini, msomaji atapitisha kidole tu. Mimi huipeleka picha kwa mama wa kibanda cha M-Pesa mtaani kwetu, ambaye hawajui maharusi wangu, nikamuuliza anaona nini. Akisema "nguo nzuri", naiacha. Kwa hii alisema, "Hao wamama hawataki mtoto wao alowe." Nikajua ina kisa.

Hatua ya 2: Omba ruhusa ya kila uso. Kukulipa kazi ya harusi si kukuruhusu utangaze biashara kwa sura zao. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini kwa matumizi ya kibiashara, na kwa mtoto idhini hiyo hutoka kwa mzazi au mlezi. Niliandikia bibi harusi na kila shangazi kwenye WhatsApp, nikahifadhi majibu. Kulikuwa na mtoto pembeni kushoto ambaye mamake alikataa. Nikakata upande huo wa picha, na kusema kweli ikapendeza zaidi.

Hatua ya 3: Andika kile ambacho picha haionyeshi. Hapa ndipo nilipokosea. Mara ya kwanza niliandika: "Siku ya kipekee iliyojaa upendo. Lenzi ya milimita 85, f/2, 1/250." Sentensi ya kwanza ingefaa harusi yoyote ile, na ya pili inawafaa wapiga picha wenzangu, ambao hawanikodi.

Kama wewe ni mwenzangu, siri ya mvua ile ni hii: matone huonekana yakimulikwa kutoka nyuma. Ukitumia flashi iliyo juu ya kamera, matone yaliyo karibu na lenzi yanageuka madoa meupe usoni pa watu. Niliiweka flashi kwenye stendi nyuma ya gari, nikaifunika kwa mfuko wa plastiki, kijana wangu akaishikilia isianguke. Lakini bibi harusi anayetafuta mpiga picha anataka kujua jambo jingine: mvua ikinyesha siku yangu, huyu atafanya nini? Kwa hiyo nikaandika upya:

"Mvua ilianza gari likiingia langoni. Mwavuli ulikuwa umesahaulika kanisani. Shangazi mkubwa akavua leso yake, wengine wakashika pembe. Nilikuwa na sekunde chache kabla hawajafika kwenye hema, na taa yangu ilikuwa tayari nyuma ya gari kwa sababu wingu nililiona tangu saa kumi."

Sentensi ya mwisho ndiyo inayouza. Usiirefushe.

Hatua ya 4: Maelezo ya kukodi, kwa namba. Zamani niliandika "piga simu kwa bei". Simu zilikuwa nyingi, kazi haba, kwa kuwa kila mtu alianza na bei na kuishia hapo. Sasa naandika bei ya kuanzia (mimi ni shilingi 65,000 kwa saa nane, wapiga picha wawili), arubuni ya asilimia 30 kupitia Lipa na M-Pesa ili tarehe ishikwe, lini picha zitakabidhiwa, na kama nauli ya nje ya Nairobi imo au haimo. Pia nataja Jumamosi zilizobaki, na huzifuta zinapochukuliwa. Jumamosi iliyopita ikiwa bado imeorodheshwa, mteja atadhani umefunga duka.

Naongeza mstari mmoja kuhusu jua. Hapa kwetu karibu na ikweta huzama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na giza huingia upesi. Basi naomba niachiwe nusu saa ya maharusi kuanzia saa kumi na moja na nusu. Anayesoma hilo mapema hapangi hotuba za wazee wakati huo.

Hatua ya 5: Tayarisha faili. Upande mrefu pikseli 2048 unatosha kwenye simu. Ondoa data ya GPS, hasa kama picha ilipigwa nyumbani kwa watu.

Hatua ya 6: Mtumie bibi harusi maneno kabla ya kuchapisha. Wangu alijibu usiku huohuo: "Leso si ya shangazi. Ni ya cucu, nyanya yangu. Hakuweza kusafiri kutoka Nyeri, akaituma." Nikamwomba ruhusa ya kuliandika hilo pia. Akakubali, ila akataka nitaje kwamba leso ilirudishwa Nyeri ikiwa imekauka.