Hesabu sekunde mpya: kupunguza katuni fupi ya kwanza mpaka ikamilike

Katuni fupi za kwanza hukwama karibu mahali pale pale. Skripti ni ya dakika tatu, shoti nne za mwanzo zimechorwa kwa ustadi wote, na mchoraji amechoka kabla hadithi haijashika kasi. Mara nyingi kipaji kipo. Kilichokosekana ni kujua mapema kila sekunde ya filamu itakula saa ngapi za kazi.

Tuchukue filamu moja ya mfano twende nayo hadi mwisho. Msichana anaamka usiku, paka wake hayupo, anazunguka mji mzima akimtafuta, na kumbe paka alikuwa juu ya paa la nyumba yao. Skripti ina dakika 3, shoti 41, mahali 9 na wahusika 5. Mchoraji yuko peke yake, anachora kwa mkono fremu kwa fremu, ana saa 6 kwa wiki, na anataka kumaliza ndani ya wiki 24.

Hatua ya 1: Pima kasi yako

Usikate chochote kabla hujajua kasi yako. Chagua shoti moja ya kawaida, isiyo rahisi mno wala ngumu mno, yenye sekunde 4. Ichore mpaka mwisho: rafu, mistari safi, rangi. Filamu huenda kwa fremu 24 kwa sekunde, lakini ukishikilia kila mchoro kwa fremu mbili unahitaji michoro 12 tu kwa sekunde, yaani 48 kwa shoti hii. Andika saa zote ulizotumia, pamoja na zile za kufuta na kurudia.

Tuseme imechukua saa 10. Hiyo ni saa 2.5 kwa kila sekunde, na sekunde 180 za skripti zinataka saa 450. Kwa saa 6 kwa wiki ni wiki 75, bila mandhari wala sauti.

Sasa igeuze hesabu. Wiki 24 ni saa 144. Tenga theluthi moja, saa 48, kwa mandhari, sauti, uhariri na marekebisho. Zinabaki saa 96, ambazo ni sawa na sekunde 38 za uchoraji mpya. Hiyo 38 ndiyo bajeti yako halisi. Filamu yenyewe inaweza kuizidi, kwa sababu si kila sekunde inayoonekana kwenye skrini imechorwa upya.

Hatua ya 2: Kata kwenye animatiki

Animatiki ni picha za stori bodi, yaani michoro ya haraka ya kila shoti, zilizopangwa kwenye programu ya kuhariri, kila moja kwa muda wake, pamoja na sauti ya muda. Kata hapa, kwa kuwa shoti iliyo kwenye animatiki imekugharimu mchoro mmoja wa haraka.

Wengi hukata shoti moja moja. Mimi huanza na mahali. Kila mahali papya panadai mandhari yake, mwanga wake na pembe zake, hivyo ukifuta mahali pamoja umefuta shoti kadhaa na mandhari zake kwa mkupuo. Katika filamu yetu, soko, kituo cha basi, daraja na mitaa vinafanya kazi moja tu: kuonyesha kwamba msichana anatafuta. Tendo hilo likionekana mara moja linatosha. Tunabaki na chumba chake na uchochoro ulio nje ya nyumba. Majirani watatu wanaondoka pamoja na mitaa yao.

Mbio za paka juu ya mapaa, zilizokuwa kwenye skripti, zinauma zaidi kuziondoa, maana ndizo zilizomfanya mchoraji aipende hadithi. Lakini zinaweza kuhamia kwenye sauti: msichana yuko dirishani, bati linalia juu ya kichwa chake, macho yake yanafuata mlio kutoka kushoto kwenda kulia. Sekunde nne, uso mmoja.

Baada ya kukata, mwonyeshe animatiki mtu asiyeijua hadithi, kisha mwombe akusimulie alichokiona. Akisimulia sawa huku shoti fulani haipo, usiirudishe. Filamu yetu imebaki na sekunde 55, shoti 14, mahali 2, msichana na paka.

Hatua ya 3: Gawa shoti katika mafungu matatu

Fungu la kwanza ni shoti mpya, zinazochorwa kutoka mwanzo. La pili ni za kurudia, zinazotumia michoro iliyokwisha kuwepo na mabadiliko machache. La tatu ni za kusimama: mchoro mmoja ambao kinachotembea ni kope, nywele au kamera. Mimi huhesabu za kurudia kwa theluthi ya urefu wake na za kusimama kwa moja ya tano. Ni makadirio tu. Yarekebishe kadiri unavyojijua.

Shoti mpya ni 5, sekunde 22. Za kurudia ni 5, sekunde 18, zinagharimu kama 6. Za kusimama ni 4, sekunde 15, zinagharimu kama 3. Jumla ni 31, chini ya 38. Zile 7 zilizobaki usizijaze. Zitaliwa na marekebisho.

Hatua ya 4: Chora ukijua utarudia

Kurudia hupangwa kabla ya kuchora. Filamu ikitoka kwa pikseli 1920 kwa 1080, chora mandhari ya chumba kwa 3840 kwa 2160. Hapo unaweza kusogeza kamera hadi robo ya picha bila ukungu, na mandhari moja ikakupa dirisha, kitanda na mlango kama shoti tatu. Weka vitu vya mbele kwenye leya yake, ili ukivihamisha pembe ionekane mpya.

Kutembea kwa msichana kuwe lupu, mwendo unaojirudia wenyewe: hatua mbili, michoro 12, fremu 24. Kosa la kawaida hapa ni miguu kuteleza kama iko juu ya barafu. Kagua mguu ulio chini: lazima ubaki juu ya jiwe lile lile mpaka unyanyuke. Kama hatua mbili zinampeleka pikseli 480, mandhari isogee pikseli 40 kwa kila mchoro mpya, yaani kila baada ya fremu mbili.

Ukigeuza mchoro kushoto kulia ili upate shoti ya pili, angalia kwanza kilicho upande mmoja tu: mkoba begani, nywele zilizochanwa kuelekea upande mmoja, kivuli cha taa. Ni rahisi kumbuni msichana asiye na vitu hivyo tangu mwanzo.

Nazo shoti za kusimama zina hatari yake. Mchoro usiotikisika hata kidogo huonekana kama video imeganda. Mpe mhusika mpepeso mmoja wa kope, fremu 6 hadi 8, na kifua kinachopanda na kushuka taratibu.

Hatua ya 5: Anza na zisizoweza kukosekana

Chora kwanza zile shoti mpya 5, ikiwemo ya msichana kumwona paka. Zenyewe ndizo zinazozaa michoro ya kurudia. Wazo jipya likija katikati, liingie tu kama shoti ya gharama ile ile inatoka.

Ukimaliza mbili za kwanza, piga hesabu upya kwa saa ulizotumia kweli. Ikiwa kila sekunde imekula saa 3.5 badala ya 2.5, saa 96 zinakupa sekunde 27 tu, nawe umepanga 31. Kata hapo hapo, wala usitegemee kuongeza kasi baadaye. Shoti ya 9, paka anayelamba mguu, ni mpya na ina sekunde 4. Iondoke ya kwanza, kwa kuwa ya 8 na ya 10 zinaungana vizuri bila yake.